Nilisailiwa kwa Mhasibu Mwandamizi, nikapewa Mhasibu: nimjibu nini wakala?

*"Habari mtaalamu. Nimefanya usaili mara mbili kwa nafasi ya Mhasibu Mwandamizi kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, kupitia wakala wa ajira. Tangazo lilitaja mshahara wa 2,600,000. Jana dada wa wakala kanipigia, anasema kampuni imenipenda sana, lakini wananipa nafasi ya Mhasibu kwa 1,900,000, na wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Hapa nilipo nalipwa 1,650,000, Bodi ya Mikopo bado wananikata, na CPA nimebakiza masomo mawili. Amesema nikishaingia nitapanda haraka. Nimjibu nini bila kuikosa kazi na bila kujishusha?"*

Ndugu yangu, leo usikubali na usikatae. Mtumie wakala ujumbe mfupi wa maandishi, na uupeleke leo leo, kwa sababu ukimya wa siku tatu kwake maana yake ni kwamba huitaki kazi, na ataanza kumpigia aliyekufuata kwenye orodha. Andika hivi: "Nashukuru kwa simu ya jana. Naomba unitumie ofa hiyo kwa barua pepe, pamoja na majukumu ya nafasi, daraja lake, mshahara wa msingi, posho na muda wa matazamio, ili niipitie na kukujibu kabla ya Ijumaa." Basi. Usieleze kwamba umevunjika moyo, wala usitaje kiasi chochote.

Ninasisitiza maandishi kwa sababu ulichonacho mpaka sasa ni cheo na tarakimu moja vilivyosemwa kwenye simu. Hujui kama hiyo 1,900,000 ni mshahara wa msingi au imejumlisha posho ya nyumba na nauli. Hujui utaripoti kwa nani. Hujui hata kama majukumu yamepungua, au umepunguziwa jina na mshahara huku kazi ikibaki ileile uliyosailiwa. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua mambo mengi, na halionekani mpaka maelezo ya kazi yawe mbele yako.

Kuna sababu ya kisheria pia ya kuchunga maneno yako. Chini ya Sheria ya Mikataba, kifungu cha 7, ili pendekezo ligeuke makubaliano ni lazima likubaliwe lote kama lilivyo, bila sharti. Ukisema "nakubali, ila kwa 2,400,000", kisheria hujakubali chochote. Umelikataa pendekezo lao na kuleta la kwako, na sasa wao ndio wana uhuru wa kusema ndiyo au hapana. Wakisema hapana, huwezi kurudi na kudai ile 1,900,000 kana kwamba bado ipo mezani. Mara nyingi wataendelea nayo kwa hiari yao, lakini hawalazimiki. Swali halina madhara hayo. "Je, kuna nafasi ya kuangalia upya daraja?" ni swali, na ofa inabaki hai. Ndiyo maana jibu lako la kwanza lenye uzito liwe la kuuliza, si la kudai.

Niondoe na dhana moja hapohapo. Kuna wanaoamini kwamba ukishasailiwa kwa nafasi fulani na kuambiwa umefaulu, una haki ya nafasi hiyo. Huna. Usaili haujengi haki ya cheo. Kampuni binafsi inaweza kubadili mawazo, kuifuta nafasi au kukupa nyingine, na wewe unaweza kukataa. Kwa hiyo barua yako isiandikwe kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Nguvu yako iko kwingine: wametumia muda kukusaili mara mbili, wameridhika, na sasa wanakusubiri wewe.

Fahamu pia unamwandikia nani. Wakala hulipwa na mwajiri, na mara nyingi malipo yake hukokotolewa kutokana na mshahara wa mwaka wa mtu aliyeajiriwa, naye hulipwa pale mtu huyo anapoanza kazi. Kwa hiyo hana sababu ya kutaka ulipwe kidogo, lakini ana sababu kubwa ya kutaka uanze. Neno lake "utapanda haraka" lipokee kwa msingi huo. Si lazima awe anadanganya, ila ahadi hiyo haimfungi mtu yeyote, kwa kuwa yeye hana mamlaka ya kumpandisha cheo mfanyakazi wa kampuni nyingine. Daraja hupangwa na meneja wa fedha pamoja na afisa rasilimali watu, ndani ya bajeti iliyoidhinishwa. Barua yako itafika kwao kwa kutumwa tu kama ilivyo. Iandike ukiwa na picha ya meneja wa fedha akiisoma, si dada wa wakala.

Sasa, kwa nini wamekushusha? Sababu ziko chache, na kila moja ina jibu lake. Ya kwanza ni kwamba nafasi ya Mwandamizi imeshachukuliwa na mtu mwingine, wakakuona wewe ni wa kutopotezwa, wakakutafutia pengine. Ya pili ni kwamba nafasi hiyo imesimamishwa, labda kwa sababu ya bajeti. Ya tatu ni kwamba nafasi ipo wazi, ila wameona kuna kitu hujakitimiza, na kwa hali yako CPA inakuja akilini mara moja, maana kampuni nyingi huiweka kama sharti la ngazi ya mwandamizi. Ya nne ndiyo mbaya: wanataka kazi ya mwandamizi kwa bei ya mhasibu.

Unazitofautisha kwa kuuliza swali moja: nafasi ya Mhasibu Mwandamizi bado ipo wazi? Likijibiwa kwamba imejazwa au imesimamishwa, kuomba daraja lile ni kupoteza pumzi, na mazungumzo yahamie kwenye mshahara na masharti ya hili la chini. Likijibiwa kwamba ipo, lakini unahitaji CPA, umepata jambo zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu pengo lenu sasa lina jina na lina mwisho: masomo mawili. Ukiona jibu linazungukazunguka, halafu maelezo ya kazi yanayokuja yana kufunga hesabu za mwezi, kusimamia wahasibu wawili na kukutana na wakaguzi wa nje, hapo uko kwenye ile ya nne. Linganisha maelezo hayo na tangazo la mwanzo mstari kwa mstari. Kama hukulihifadhi tangazo, litafute sasa kabla halijaondolewa.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu hapa watu wengi hulinganisha tarakimu zisizofanana. Kutoka 1,650,000 hadi 1,900,000 ni ongezeko la 250,000, lakini hutaiona hiyo 250,000 mkononi. Tuchukue kwamba yote ni mshahara wa msingi, unachangia NSSF asilimia 10, PAYE ya Tanzania Bara inakata asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi 1,000,000 baada ya kuondoa mchango huo (na 128,000 kwa ile milioni ya kwanza), kisha Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Leo unabakiwa na 964,000. Kwa 1,900,000 NSSF ni 190,000, kodi ni 341,000 na mkopo ni 285,000, kwa hiyo unabakiwa na 1,084,000. Tofauti ni 120,000 kwa mwezi. Kwa 2,600,000 ungebakiwa na 1,420,000.

Kwa lugha nyepesi, katika hali yako kila 100,000 inayoongezwa kwenye mshahara ghafi inakuletea 48,000 mkononi. Iweke akilini unapojadiliana. Kisha toa gharama za kuhama. Kama ofisi mpya itakuongezea nauli ya 2,000 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni 44,000, na ile 120,000 imebaki 76,000. Kama ulipo sasa mnapewa chakula cha mchana au bima ya afya inayofunika watoto, na huko hakuna, huenda unahama kwa hasara. Siwezi kukokotoa hilo nikiwa hapa, lakini wewe unaweza, kwa karatasi moja, leo usiku.

Hata hivyo, mshahara wa mwezi wa kwanza si hasara kubwa ya daraja la chini. Hasara kubwa ni dari. Kampuni zenye mfumo wa madaraja huweka kila daraja kati ya kiwango cha chini na cha juu. Tuseme kwa mfano, na huu ni mfano tu, daraja la Mhasibu ni kati ya 1,400,000 na 2,000,000, na la Mwandamizi ni kati ya 2,000,000 na 3,000,000. Ukiingia kwa 1,900,000 inaonekana umependelewa, kwa kuwa uko karibu na juu kabisa. Kumbe umebakiza 100,000 tu ya kukua. Nyongeza ya asilimia 5 ya mwaka wa kwanza inakupeleka 1,995,000, na mwaka wa pili unagonga dari. Na hata ukipandishwa, kampuni nyingi hazikupeleki kwenye mshahara wa daraja jipya moja kwa moja. Hukuongezea asilimia fulani juu ya unachopata. Ikiwa ni asilimia 15, kutoka 1,995,000 utafika kama 2,294,000. Mwenzako aliyeingia kwa 2,600,000, kwa nyongeza ileile ya asilimia 5 kila mwaka, baada ya nyongeza mbili yuko 2,866,500. Mna cheo kimoja, meza zinatazamana, na kati yenu kuna zaidi ya 570,000 ghafi kila mwezi, kwa sababu tu ya mlango mliopitia.

Ndiyo maana nakushauri usielekeze nguvu zote kwenye kuongezewa 100,000 au 200,000. Hizo ni rahisi kwao kukupa, na wakishakupa wataona mambo yameisha. Omba kile kitakachokuwa kigumu kukibadilisha ukishaingia: daraja lenyewe, au kifungu cha maandishi kinachosema lini na kwa sharti gani utaingia kwenye daraja hilo, na kwa mshahara upi.

Ikiwa ofa ya maandishi itakuja na sababu ikawa ni CPA, andika jibu la namna hii. Libadilishe liendane na hali yako, na kama mmekuwa mkiandikiana kwa Kiingereza, endelea kwa Kiingereza.

"Dada yangu, nimepokea ofa ya nafasi ya Mhasibu na nimeipitia. Naishukuru kampuni kwa imani yake, na bado nina nia ya kufanya kazi nao. Kabla sijatoa jibu la mwisho, naomba unisaidie kupata ufafanuzi wa mambo mawili. La kwanza, usaili wa mara zote mbili ulihusu nafasi ya Mhasibu Mwandamizi. Je, nafasi hiyo bado ipo wazi, na kama ipo, ni sharti gani ambalo kampuni imeona sijalitimiza? La pili, maelezo ya kazi mliyonitumia yanajumuisha kufunga hesabu za mwezi na kusimamia wahasibu wawili, kazi ambazo kwenye tangazo zilikuwa za Mwandamizi. Je, kampuni inaweza kuangalia upya daraja ili liendane na majukumu hayo? Ikiwa kikwazo ni CPA, nimebakiza masomo mawili. Ningeomba tujadili uwezekano wa barua ya ajira kueleza kwamba nitapangwa daraja la Mwandamizi baada ya kufaulu, pamoja na mshahara wa daraja hilo. Niko tayari kuzungumza na meneja wa fedha kwa simu wakati wowote kabla ya Ijumaa."

Ona barua hiyo inafanya nini. Haijakubali wala haijakataa. Haijaleta kiasi kipya, kwa hiyo hakuna cha kukataliwa. Imeweka wazi kwamba unaitaka kazi, jambo ambalo meneja anahitaji kulijua kabla hajaenda kukuombea kwa wakubwa wake. Na imemwonyesha njia ya kutokea ikiwa kweli hawezi kukupa daraja sasa. Kitu nilichokiacha kwa makusudi ni mshahara wako wa sasa. Usiutaje usipoulizwa, kwa sababu ukishajulikana, mazungumzo yatahama kutoka thamani ya kazi kwenda kwenye "lakini tumekuongezea". Ukiulizwa, usidanganye, kwani wanaweza kukuomba hati za mshahara. Sema ukweli, kisha urudi kwenye majukumu.

Je, wanaweza kukasirika na kuiondoa ofa? Kisheria wanaweza kuiondoa wakati wowote kabla hujakubali. Kiutendaji, kampuni iliyokwisha kukuchagua haiachi mtu kwa sababu ya maswali mawili ya heshima. Mara nyingi ofa hupotea pale mtu anapojibu kwa hasira, anaporudi kila siku na dai jipya, au anapokaa kimya mpaka tarehe ikapita. Kwa hiyo uliza mara moja, uliza yote pamoja, na ujibu ndani ya muda waliokupa. Wasipokujibu mpaka Alhamisi mchana, mwandikie tena wakala kuomba tarehe isogezwe hadi Jumatatu, kwa kuwa unasubiri ufafanuzi wao.

Majibu yakirudi, utakuwa na njia kama tatu. Wakikubali daraja la Mwandamizi hata kwa mshahara wa chini kidogo ya uliotangazwa, tuseme 2,300,000, mimi ningechukua. Kwenye mfano wetu uko ndani ya daraja lenye nafasi ya 700,000 ya kukua juu yako, na cheo kitakachoandikwa kwenye wasifu wako ni kile ulichokuwa unakitafuta.

Wakikataa daraja lakini wakakubali kifungu cha kupandishwa, kila kitu kinategemea maneno ya kifungu hicho, na hapa naomba uwe mkali. "Mwajiri anaweza kupitia nafasi ya mfanyakazi baada ya miezi sita kulingana na utendaji" haina thamani yoyote, kwa sababu wanaweza kukupitia na wakakuacha ulipo. "Utapandishwa nafasi itakapopatikana" nayo ni hivyohivyo. Kifungu chenye meno kina vitu vitatu: tukio linaloweza kuthibitishwa, tarehe, na matokeo yenye tarakimu. Kwa mfano: "Mfanyakazi atapangwa daraja la Mhasibu Mwandamizi kwa mshahara wa msingi usiopungua 2,500,000 kuanzia mwezi unaofuata ule atakaowasilisha matokeo ya NBAA yanayothibitisha kufaulu masomo yaliyobaki ya CPA." Hapo hakuna mtu wa kukuambia utendaji wako ulikuwa wa wastani. Kifungu kiwe ndani ya barua ya ajira yenyewe. Barua pepe ya wakala haitoshi, na maneno ya meneja aliyekuahidi yanaondoka naye siku anapohamia kampuni nyingine.

Wakikataa vyote viwili, rudi kwenye karatasi yako. Kukubali kuna maana ikiwa pale ulipo hakuna njia ya kukua, ikiwa kampuni mpya itakupa kazi usizozifanya sasa, kama kodi ya kampuni au kuandaa taarifa za fedha kwa viwango vya kimataifa, au ikiwa mkataba wako wa sasa unakaribia kwisha. Kwa 76,000 ya ziada mkononi na cheo kisichokupandisha, huku ukiuacha muda wa kazi uliokwisha kuujenga, mimi ningebaki, nikamaliza CPA, nikaomba tena nikiwa na cheti. Ukiamua hivyo, jibu fupi linatosha: "Nimeitafakari ofa kwa makini. Kwa sasa nimeona sitaweza kuhama kwa daraja hilo. Nafasi ya Mhasibu Mwandamizi ikifunguliwa, ningefurahi mnikumbuke." Wakala huyohuyo ana wateja wengine, na mtu aliyekataa kwa utulivu hubaki kwenye orodha yake.

Lipo jambo moja ambalo wahasibu wengi hawalijui, nalo linaweza kubadilisha hesabu yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa. Wasiohusika na masharti hayo ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wakati huohuo wanaripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Mhasibu Mwandamizi anaweza kuangukia humo. Mhasibu asiyesimamia mtu haangukii. Kwa hiyo wakikuajiri kama Mhasibu, saa za ziada za kufunga hesabu mwisho wa mwezi zinalipwa. Mshahara wa 1,900,000 ukiugawa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa 45, unapata kama 9,744 kwa saa, na ya ziada ni kama 14,616. Saa 12 za ziada katika mwezi zinafika 175,000 kabla ya makato. Uliza kwenye mazungumzo jinsi saa za ziada zinavyolipwa. Mara nyingine swali hilo peke yake humfanya mwajiri agundue kwamba anayemtaka kweli ni Mwandamizi. Na kama watasema "wahasibu wetu hawalipwi saa za ziada kwa kuwa ni viongozi", basi wamekupa hoja ya daraja kwa mdomo wao wenyewe.

Likifika suala la kusaini, kuwa mwangalifu na mpangilio wa hatua. Kwanza barua ya ajira iliyosainiwa na mwenye mamlaka wa kampuni, si wakala. Ndani yake pawe na cheo, majukumu, mahali pa kazi, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa, mambo ambayo kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri ayatoe kwa maandishi. Ndipo uandike barua ya kuacha kazi ulipo. Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa ya kisheria haipungui siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi mpya ihesabiwe kuanzia siku utakayosaini, si Ijumaa hii. Kumbuka pia kwamba mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali. Huku ulipo huenda umeshaipita miezi hiyo, kule unaanza upya. Hili ni sababu moja zaidi ya kutohama kwa faida ndogo.

Jibu langu linahusu kampuni binafsi. Kwenye utumishi wa umma daraja la kuanzia hutokana na muundo wa utumishi wa kada husika na ngazi za mishahara za serikali, na barua nzuri kiasi gani haitalibadilisha. Huko unachoweza kuhoji ni kama uzoefu na vyeti vyako vimehesabiwa sawasawa.

Mwone wakili au ofisa kazi ana kwa ana ukikuta mojawapo ya haya. Ikiwa tayari ulikuwa umesaini barua ya Mhasibu Mwandamizi, kisha wakakuletea nyingine ya chini wakitaka usaini upya, usisaini mpaka mtu wa sheria azisome zote mbili, maana hapo kulikuwa na makubaliano tayari. Ikiwa uliacha kazi kwa kutegemea ofa ya maandishi iliyobadilishwa baadaye, mpelekee wakili barua zote kwa mpangilio wa tarehe. Ikiwa mkataba una kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa washindani, au cha kurudisha gharama za mafunzo ukiondoka mapema, lipia saa moja ya wakili kabla ya kusaini. Na ikiwa umeshaanza kazi ndipo wakakushusha daraja bila kukushirikisha, hilo ni jambo la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kikazi ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, kwa hiyo usikae miezi mitatu ukisubiri kikao ulichoahidiwa. Nenda na mkataba, hati za mshahara za miezi iliyotangulia na maandishi yote ya wakala, ukianza na ule ujumbe utakaomtumia leo.